Mkia Unaporudi Kichwani: Njia Nne za Kuchuja Sauti, na Jinsi ya Kuchagua

Nilipewa mahojiano ya saa moja niyasafishe. Yalikuwa yamerekodiwa kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, na chini ya sauti za wazungumzaji kulikuwa na mngurumo wa umeme wa 50 Hz. Nikatengeneza kichujio cha kukata sauti nzito, nikayagawa mahojiano katika vipande vya sampuli 8,192, nikavipitisha kimoja kimoja kwenye FFT, hesabu ya haraka inayogeuza sauti kuwa masafa yake, nikazidisha kwa masafa ya kichujio, nikarudisha, nikaunganisha. Mngurumo ulikwisha kweli. Lakini maneno yalianza kukatika-katika kama simu yenye mtandao dhaifu, karibu mara sita kwa sekunde. Nusu siku nzima nililaumu kinasa sauti.

Kinasa hakikuwa na kosa. Gawanya 48,000 kwa 8,192 upate 5.86: kila mwanzo wa kipande palikuwa na jeraha. Niliomba konvolusheni ya mstari, yaani kuchuja ambako mkia unatoka baada ya mwisho, hesabu ikanipa ya duara, ambamo mkia unarudi mwanzoni, kwa sababu sikuacha nafasi ya sifuri.

Anayefika hapa huwa amekwama kati ya njia nne: kuchuja moja kwa moja bila DFT, ule ugeuzaji wenyewe ambao FFT huufanya haraka, kutumia DFT bila kujazia chochote, kujazia sifuri na kufanya DFT moja kubwa, au kukata vipande vilivyojaziwa. Nitazilinganisha kwa kichujio kilekile cha mahojiano yale. Kwanza tuone hasa nini kinazunguka.

## Saa ya ukutani ndani ya DFT

Chukua ishara fupi `x = [1, 2, 3, 4]` na kichujio `h = [1, 1, 1]`, ambacho kazi yake ni kujumlisha sampuli ya sasa na mbili zilizotangulia. Ukihesabu kwa mkono unapata

`[1, 3, 6, 9, 7, 4]`

Jibu lina urefu wa 6, si 4. Ishara ikiwa na sampuli L na kichujio sampuli M, jibu lina L + M − 1. Zile mbili za ziada, 7 na 4, ndizo mkia: kichujio bado kinatoa kilichobaki tumboni baada ya ishara kwisha.

Sasa fanya hivyohivyo kwa DFT ya urefu wa 4. Geuza `x`, geuza `h`, zidisha, rudisha. Unapata

`[8, 7, 6, 9]`

Mkia haukupotea. DFT ya urefu wa 4 ina nafasi nne tu, nayo huhesabu kama saa ya ukutani: baada ya saa kumi na mbili haiji ya kumi na tatu, inakuja saa moja. Ile 7 iliyotakiwa kukaa nafasi ya tano imeangukia ya kwanza, 1 + 7 = 8. Ile 4 imeangukia ya pili, 3 + 4 = 7. Angalia pia kwamba 6 na 9 ni sahihi kabisa. Kilichoharibika ni sampuli M − 1 za mwanzo tu, na jambo hili litatufaa baadaye.

Ongeza nafasi moja, urefu wa 5, upate `[5, 3, 6, 9, 7]`: kosa limebaki mahali pamoja. Fika 6 na kosa limeisha. Ukienda 8 unapata jibu lilelile likifuatwa na sifuri mbili. Kanuni yote ya kujazia ni hiyo: urefu N wa DFT usipungue L + M − 1, na sifuri ziongezwe mwisho wa ishara na mwisho wa kichujio, vyote viwili vifike N.

Wengine hujazia sifuri wakitumaini picha ya masafa itakuwa kali zaidi, ionyeshe milio miwili iliyokaribiana sana. Haitaonyesha. Sifuri huchora nukta zaidi kwenye mstari uleule tu. Hapa tunazihitaji kama nafasi ya mkia kukaa.

## Tunapima kwa lipi

Kichujio chetu kina M = 2,049, kinakata chini ya 90 Hz. Kimekuwa kirefu hivyo kwa sababu tunataka kuondoa 50 Hz bila kugusa sana sauti ya mwanamume mwenye sauti nzito, inayoanzia karibu na 100 Hz. Pengo jembamba linadai kichujio kirefu. Mkia wake ni sampuli 2,048, yaani milisekunde 43 hivi. Kwa kuwa vizidishi vyake, zile namba zinazokiunda, vina ulinganifu, kinachelewesha sauti yote kwa sampuli 1,024, kama milisekunde 21.

Kila njia nitaiuliza mambo yaleyale. Je, kingoni jibu ni la mstari kweli? Inazidisha mara ngapi kwa kila sampuli? Inakula kumbukumbu kiasi gani, na inakusubirisha muda gani? Na ikikosewa, kosa linasikika au linajificha? Mimi binafsi hilo la mwisho ndilo naliweka mbele, kwa sababu kompyuta polepole inakuudhi, ila jibu la uongo lililo kimya linakuaibisha mbele ya mteja.

## Njia ya kwanza: kuchuja moja kwa moja

Hii ni kile tulichofanya kwa mkono: kila sampuli mpya, zidisha M zilizopita kwa vizidishi, jumlisha. Kwenye Python ni `np.convolve(x, h)`.

Kingo. Hakuna DFT, kwa hiyo hakuna duara. Mkia unatoka mwishoni, mahali pake.

Kazi. Kuzidisha mara 2,049 kwa kila sampuli. Mahojiano ya saa moja yana sampuli 172,800,000, kwa hiyo jumla ni karibu bilioni 354. Kompyuta ya kisasa itamaliza, lakini utaenda kunywa chai.

Kumbukumbu na kusubiri. Hapa ndipo njia hii inapong'ara. Inahitaji sampuli 2,049 tu za nyuma, na inatoa jibu kila sampuli inapoingia. Ule ucheleweshaji wa milisekunde 21 ni wa kichujio chenyewe. Njia haijaongeza kitu.

Ikikosewa. Makosa yake ni ya wazi, kama kusahau kubeba sampuli za mwisho za kipande kwenda kipande kinachofuata. Utasikia mkwaruzo, utaupata.

Inamfaa mwenye kichujio kifupi au kifaa kidogo. Kichujio cha vizidishi 31 kwenye kidhibiti kidogo cha kifaa cha mkononi hakina sababu ya kuingizwa kwenye FFT. Nikihesabu kwa vipande vya 256, FFT ya kawaida inatoka kama kuzidisha mara 41 kwa sampuli, na ile inayotumia faida ya ishara halisi karibu 20. Akiba ya kutoka 31 hadi 20 inaliwa na usumbufu wa kupanga vipande.

## Njia ya pili: DFT bila kujazia

Watu huitaja kama kosa tu. Si haki, kwa sababu duara linapokuwa kwenye jambo lenyewe, hii ndiyo njia sahihi na nyingine zote ni kosa.

Kingo. Jibu ni la duara. Kwa ishara isiyojirudia, sampuli M − 1 za mwanzo wa kila kipande ni za uongo. Kwenye mahojiano yangu ilikuwa mbaya kuliko mfano wa 1, 2, 3, 4 unavyodokeza. Kichujio kinachelewesha kila kitu kwa sampuli 1,024. Kwa hiyo sampuli 1,024 za mwisho wa kipande zilisukumwa nje ya ukingo na kurudi mwanzoni. Kila kipande cha milisekunde 171 kilianza na milisekunde 21 za mwisho wake chenyewe. Msikilizaji alisikia tamati ya neno kabla ya neno.

Lakini chukua ishara inayojirudia kweli: vipimo vya mwelekeo wa upepo kila nyuzi moja kuzunguka duara la nyuzi 360, au mtetemo wa mashine uliorekodiwa kwa mizunguko kamili. Nyuzi ya 359 ni jirani wa nyuzi ya 0. Ukijazia sifuri hapo umejenga ukuta mahali pasipo na ukuta, na pande zote mbili za ukuta huo zitatoka zimepungua.

Kuna mfano mwingine ulio karibu nawe sasa hivi kama unatumia Wi-Fi. Mawimbi yakigonga kuta hufika kwa njia nyingi, mengine yamechelewa. Chumba kinafanya konvolusheni ya mstari kwenye ishara bila kuombwa. Mpokeaji angependa iwe ya duara, kwa sababu hapo angeondoa athari ya chumba kwa kugawanya tu, masafa kwa masafa. Basi mtumaji anamsaidia kwa makusudi. Katika kiwango cha 802.11a kila alama ina sampuli 64, na kabla ya kuituma, sampuli zake 16 za mwisho hunakiliwa na kuwekwa mbele. Nakala hiyo inachukua mikrosekunde 0.8, na mwangwi wowote uliopita njia ndefu zaidi kwa hadi mita 240 hivi unaangukia ndani yake, unatupwa nayo. Zinazobaki ni sampuli 64 zilizozungushwa sawasawa. Sisi tunajazia sifuri ili tukimbie duara. Wao wanajazia mkia ili walipate.

Kazi. Ndogo kuliko zote, kwani hakuna nafasi inayopotea kwa sifuri.

Kumbukumbu na kusubiri. Kipande kimoja cha N.

Ikikosewa. Hapa pana hatari, kwa sababu dalili inategemea umekata wapi. Kwenye vipande vifupi utasikia, kama nilivyosikia. Ukiingiza faili zima kwa mkupuo, jeraha liko sehemu moja tu, milisekunde 43 za mwanzo, na kama mwisho wa rekodi ni ukimya, ukimya ndio unaozungukia. Hutasikia kitu. Programu hiyo itakaa miaka ikionekana nzima, hadi siku mtu atakapoipa wimbo unaokatwa ghafla.

Na kuna mtego mwingine: 172,800,000 ni zao la 2, 3 na 5 tu, yaani urefu ambao FFT inaupenda sana. Unashawishika kuutumia vilevile ulivyo. Usifanye hivyo.

Inamfaa mwenye data inayofunga duara kwa asili, au mwenye mfumo uliotayarishwa kwa makusudi uwe wa duara.

## Njia ya tatu: jazia sifuri, DFT moja kubwa

Unachukua ishara nzima na kichujio, unavifikisha wote L + M − 1 au zaidi, unageuza mara moja. `scipy.signal.fftconvolve` inafanya hivi na kujazia yenyewe.

Kingo. Sahihi pande zote, mradi N inatosha.

Kazi. Kwa mahojiano yetu ni sehemu ndogo sana ya njia ya kwanza.

Kumbukumbu na kusubiri. Hapa ndipo inapokaba. N lazima ifike 172,802,048. Ukisisitiza iwe kipeo cha 2, unarukia 268,435,456. Kwa namba za baiti 8, safu moja iliyojaziwa ni gigabaiti 2.1, na mabadiliko yake ya masafa ni gigabaiti 2.1 nyingine. Ongeza ya kichujio, ambacho urefu wake halisi ni 2,049 lakini umekivuta kifike milioni 268, na jibu lenyewe. Kompyuta ya gigabaiti 8 itaanza kuhamishia kumbukumbu kwenye diski na kila kitu kitasimama. Kuchagua N kwa `scipy.fft.next_fast_len` kunapunguza upotevu, kwani FFT za leo hazihitaji kipeo cha 2. Ila huwezi kuanza kabla rekodi haijaisha. Kwa matangazo ya moja kwa moja njia hii haipo.

Ikikosewa. Makosa mawili hurudi tena na tena. La kwanza: `np.fft.rfft(x, n)` hujazia sifuri kama `n` inazidi urefu wa `x`, lakini kama `n` ni ndogo inakata `x` bila kulalamika. Ukikosea kuhesabu N, hupati onyo, unapoteza mwisho wa ishara. La pili: `np.fft.irfft(Y)` bila kutaja urefu hudhani jibu ni shufwa. N yako ikiwa witiri, utapata sampuli moja pungufu na ishara iliyobanwa kidogo. Andika `irfft(Y, N)` kila mara, hata pale unapodhani huhitaji.

Inamfaa mwenye faili fupi, au ishara na kichujio vyenye urefu unaokaribiana, kama kuweka sauti ya ukumbi yenye mwangwi wa sekunde kadhaa kwenye rekodi ya sekunde kumi. Hapo kukata vipande ni kujitafutia kazi.

## Njia ya nne: vipande vilivyojaziwa

Hii ilikuwapo tangu FFT ilipoanza kutumika kwa kazi hizi. Cooley na Tukey walichapisha algoriti yao mwaka 1965, na mwaka 1966 tu Thomas Stockham alionyesha jinsi ya kuitumia kufanya konvolusheni ya haraka kwa vipande. Huyo Stockham ndiye aliyekuja kusafisha kwa kompyuta rekodi za kale za mwimbaji Enrico Caruso.

Njia ina sura mbili. Nitatumia `x = 1, 2, 3, 4, 5, 6`, kichujio kilekile `[1, 1, 1]` na DFT ya urefu wa 4. Jibu sahihi, tukiacha mkia wa mwisho, ni 1, 3, 6, 9, 12, 15.

Sura ya kwanza ni kujumlisha mikia. Kila kipande kina sampuli mbili mpya na sifuri mbili. `[1, 2, 0, 0]` inatoa 1, 3, 3, 2. `[3, 4, 0, 0]` inatoa 3, 7, 7, 4. `[5, 6, 0, 0]` inatoa 5, 11, 11, 6. Kila kipande kimetoa mkia wa sampuli mbili unaoingia kwenye eneo la kinachofuata. Viweke mahali pake na ujumlishe panapopishana. 3 + 3 = 6, 2 + 7 = 9, 7 + 5 = 12, 4 + 11 = 15.

Sura ya pili ni kutupa vichwa. Hapa hujazii sifuri kati ya vipande. Unaliachia duara lizunguke, kisha unatupa kilichoharibika, kwa kuwa tulishaona ni M − 1 za mwanzo tu. Kila kipande kinaanza na sampuli mbili za zamani. `[0, 0, 1, 2]` inatoa 3, 2, 1, 3. Tupa mbili, baki na 1, 3. `[1, 2, 3, 4]` inatoa `[8, 7, 6, 9]`, lile jibu bovu la mwanzo. Tupa 8 na 7, baki na 6, 9. `[3, 4, 5, 6]` inakupa 12, 15. Yale makapi tuliyoyalalamikia ni sehemu ya mpango.

Kingo. Zote mbili ni sahihi, mradi sampuli mpya kwa kipande zisizidi N − M + 1. Kumbuka tu kutoa mkia wa mwisho kabisa: kwenye sura ya kwanza umo kwenye akiba unasubiri, kwenye ya pili lazima uusukume kwa kuingiza sifuri.

Kazi. Kwa N = 8,192 na M = 2,049, kila kipande kinachukua sampuli mpya 6,144. FFT ya kwenda, ya kurudi na kuzidisha katikati ni kuzidisha mara 458,752 hivi. Gawanya kwa 6,144 upate karibu 75 kwa sampuli, dhidi ya 2,049. Kwa FFT ya ishara halisi ni kama nusu ya hapo. Kati ya sura mbili tofauti ni ndogo mno, ile ya pili inaokoa kujumlisha tu.

Kumbukumbu na kusubiri. Kumbukumbu ni ya vipande vichache, hata rekodi iwe ya mwaka mzima. Kusubiri ndiko bei yake: sampuli 6,144 ni milisekunde 128, na mwimbaji anayejisikia kwenye spika za masikioni hawezi kuimba hivyo. Ukishusha N hadi 4,096, sampuli mpya zinakuwa 2,048, kusubiri milisekunde 43, na kazi inapanda kufikia 104 kwa sampuli. Chini ya hapo unakata kichujio chenyewe vipande. Mwaka 1995 William Gardner alieleza jinsi ya kuchuja sehemu ya mwanzo moja kwa moja na sehemu za nyuma kwa FFT, ili kusubiri kuondoke. Programu za mwangwi za studio hufuata wazo hilo, lakini kuiandika mwenyewe si kazi ya jioni moja.

Ikikosewa. Kosa linajirudia kila kipande, kwa hiyo linasikika, na kasi yake inakuambia limetoka wapi. Gawanya sampuli za sekunde kwa ukubwa wa kipande. Kama mkwaruzo unafuata namba hiyo, huna haja ya kulaumu maiki. Kichujio kinapobadilika njiani, sura mbili huachana: kwenye kujumlisha mikia, mkia wa kichujio cha zamani unamalizika wakati kipya kinaanza, badiliko linalainika, kwenye kutupa vichwa linakuja ghafla mpakani.

Inamfaa mwenye rekodi ndefu, matangazo yanayoendelea, au kumbukumbu ndogo. Hivi ndivyo nilivyorekebisha mahojiano, kwa kujumlisha mikia:

```python
import numpy as np
from scipy.signal import firwin

h = firwin(2049, 90, fs=48000, pass_zero=False)
M, N = len(h), 8192
L = N - M + 1
H = np.fft.rfft(h, N)

def chuja(x):
    y = np.zeros(len(x) + M - 1)
    for i in range(0, len(x), L):
        b = x[i:i+L]
        k = len(b) + M - 1
        t = np.fft.irfft(np.fft.rfft(b, N) * H, N)
        y[i:i+k] += t[:k]
    return y
```

Kama hutaki kuandika, `scipy.signal.oaconvolve` inafanya hivyohivyo.

## Kosa ambalo sifuri haziliponyi

Baada ya kusoma haya, mtu mwangalifu hujazia vizuri, kisha anachuja kwa kufuta: anaweka 0 kwenye masafa yote chini ya 90 Hz, anaacha mengine, anarudisha. Bado inazunguka, na anashangaa kwa sababu sifuri ameziweka.

Jaribu na `[1, 2, 3, 4, 0, 0]` na ufute nafasi ya kwanza tu ya masafa, ile ya 0 Hz. Kufuta hiyo ni kutoa wastani, ambao ni 10 ÷ 6. Unapata takriban

`[-0.67, 0.33, 1.33, 2.33, -1.67, -1.67]`

Zile sifuri mbili za mwisho zimejaa. Sababu ni kwamba kwa kufuta umetunga kichujio, na kichujio hicho kina urefu wa 6, nafasi zote. M = N. Ili L + M − 1 isizidi N, ishara ingepaswa kuwa na sampuli moja! Ukiongeza sifuri zaidi, kichujio nacho kinarefuka, kwa sababu umekichora upya kwenye nafasi zote mpya. Ni kama kufukuza kivuli chako.

Dawa ni kuanza upande wa muda. Amua M, tengeneza `h` ya urefu huo, kwa `firwin` au kwa kurudisha umbo unalolitaka kutoka masafa kisha kulikata na kulilainisha kingo libaki na sampuli M tu. Ndipo ulijazie na kuligeuza. Ukingo wa 90 Hz hautakuwa ukuta tena, utakuwa mteremko wa upana wa karibu 77 Hz kwa kichujio chetu. Huo mteremko ndio bei ya mkia mfupi.

## Uchague kwa hali yako

Kichujio kikiwa chini ya vizidishi hamsini hivi, chuja moja kwa moja, hasa kwenye kifaa kidogo au sauti ya moja kwa moja. Mpaka huo si wa sheria; `scipy.signal.choose_conv_method(x, h, measure=True)` itakupimia kwenye mashine yako.

Faili ikiwa fupi na kumbukumbu ipo, DFT moja kubwa iliyojaziwa ina nafasi chache za kukosea. Rekodi ikiwa ndefu kuliko kichujio mara nyingi, kata vipande. Nikiandika mwenyewe nachagua kujumlisha mikia, maana naweza kukagua kila kipande peke yake. Wanaofanya kazi na ishara inayoingia bila kukoma kwa vipande vya ukubwa mmoja, wengi wao huona kutupa vichwa ni rahisi zaidi, kwani hakuna akiba ya kujumlisha. Kila duru inatoa sampuli zilizokwisha kukamilika.

Data ikifunga duara, usijazie. Ukiwa huna hakika kama inafunga, jiulize kama sampuli ya mwisho ni jirani halali wa ya kwanza.

Usijue hali yako ni ipi kwa kusikiliza tu. Ingiza kipande cha sifuri tupu chenye 1 moja kwenye sampuli ya mwisho kabisa. Kwa kichujio chetu, pigo hilo linapaswa kutokeza sampuli 1,024 baadaye, ndani ya kipande kinachofuata. Likitokeza karibu na mwanzo wa kipande kilekile, kwenye namba 1,023 ukihesabu kuanzia 0, mwitikio umefika kabla ya pigo, na mkia umerudi kichwani. Kisha chukua sampuli elfu ishirini za kelele za nasibu, chuja kwa njia yako na kwa `np.convolve`, utoe moja kwa nyingine. Tofauti kubwa kabisa ikiwa karibu na 1e-12, endelea na kazi. Ikiwa 0.01 na imejikusanya mwanzoni mwa kila kipande, hesabu tena N.